Bamba la mota kwenye laptopu ya GB 4: LibreCAD au SolveSpace?

"Ndugu zangu, nina laptopu ya mtumba niliyonunua Luthuli, memori ni GB 4 na haina kadi ya michoro. Nafanya kazi za chuma Kariobangi na nataka kuanza kujichorea mwenyewe. Niweke programu gani ya bure ya CAD, na kwa kazi ipi?"

Ndugu, kwa mabamba ya kupeleka kwenye mashine ya kukata chuma kwa leza, weka LibreCAD na SolveSpace. Zote mbili nimezitumia kwenye mashine kama yako na hazikukwama. Utakayofungua inategemea kama vipimo vya kazi vimeshakamilika au bado vitabadilika.

Nilichora bamba la kushikilia mota ya mashine ya kukata majani ya ng'ombe. Mota ilikuwa ya nguvu farasi 1.5, umbo la 90S, yaani saizi ya mwili wa mota. Kwa umbo hilo matundu ya miguu huachana milimita 140 upande mmoja na 100 upande mwingine, na kila tundu ni milimita 10, kwa bolti ya M8. Bamba nililifanya milimita 200 kwa 160, kwa hiyo kitovu cha kila tundu kikawa milimita 30 kutoka ukingoni.

Kwenye LibreCAD kazi hiyo ni ya dakika chache, kwa sababu unaandika namba badala ya kubahatisha kwa mausi. Chora mstatili kutoka `0,0` hadi `200,160`, kisha duara za nusu-kipenyo 5 kwenye sehemu hizi:

```
30,30
170,30
170,130
30,130
```

Kabla ya mstari wa kwanza, fungua Current Drawing Preferences, ingia Units, uchague Millimeter. Mimi hatua hii niliiruka. Faili langu la DXF, yaani faili la mchoro linalosomwa na leza, halikusema kama namba zake ni milimita, na mashine ya karakana niliyolipeleka ikazisoma namba kama inchi. Bamba likatokea kwenye skrini yao likiwa na urefu wa zaidi ya mita 5. Bahati nzuri fundi aliona kabla ya kukata. Tangu siku hiyo, nikituma faili naandika kwenye ujumbe, "upande mrefu ni milimita 200", naye analinganisha na anachokiona. Mistari ya vipimo na maandishi iweke kwenye leya yake, na uiondoe katika faili la kukatia, la sivyo leza inaweza kuichukulia kama njia ya kukata.

Wiki iliyofuata mteja akapata mota ya 90L. Hiyo matundu yake ni 140 kwa 125, si 100 tena. Kwenye LibreCAD ilinibidi nisogeze matundu moja baada ya jingine na kupima upya. Ndipo nikahamia SolveSpace, ambayo ni faili moja dogo tu, hata kuisakinisha huhitaji. Humo unachora kwa makadirio kisha unaufunga mchoro kwa masharti: bonyeza D kuweka umbali, H kulaza mstari, Q kulinganisha duara zote ziwe sawa. Masharti yakitosha, kwenye orodha ya vikundi safu ya dof huandika ok. Ukiona namba badala yake, kuna kitu bado kinaelea, na ukikivuta kwa mausi utakiona kikisogea. Mchoro ukishafungwa vizuri, unabofya 100 mara mbili, unaandika 125, na matundu yanasogea yenyewe. Faili la leza unalitoa hapo hapo kama DXF.

SolveSpace pia hutoa STL ya printa ya 3D, ila haina zana ya kulainisha kona za kitu kizima. Ukihitaji kona za mviringo pande zote, itabidi utumie FreeCAD. Kwenye GB 4 inafunguka, lakini funga brauza kwanza na ufanye kipande kimoja kwa wakati.

Mpangilio wa chumba au duka, tumia Sweet Home 3D. Tinkercad na Onshape hufanya kazi ndani ya brauza, kwa hiyo bando linakwenda na brauza yenyewe inakula memori. Tena Onshape ya bure huacha michoro yako wazi kwa watu wote, jambo ambalo mimi siwezi kumfanyia mteja aliyeniletea wazo lake. Na mtu akikuletea mchoro wa DWG, mwombe akuhifadhie kama DXF kabla hajaondoka, maana LibreCAD huisoma DWG kwa shida.