Video ya dakika moja ya kuwafariji wafiwa: niandike nini?

Swali: Assalaam alaykum sheikh. Vijana wa msikiti wameniomba niandike maneno ya video ya dakika moja kuhusu kuwasaidia wafiwa. Nilichoandika mwanzo, wazee wamesema ni kama nawagombeza watu. Nirekebishe vipi?

Jibu: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Anza kwa kumfikiria atakayeiona. Video hizi hutumwa kundi hadi kundi, na usiku huohuo huenda ikamfikia mjane aliye edani. Ukiandika "siku hizi watu wanakwenda msibani kula", yeye atawakumbuka wageni waliojaa ukumbini kwake jana, na hatafarijika. Kwa hiyo futa "lazima", futa "wengi wetu siku hizi", futa na kila sentensi inayomtafuta mkosaji.

Kisha shika hadithi moja tu. Kwa jambo hili inatosha ile aliyoipokea Abdullah bin Jaafar, iliyomo katika Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah. Baba yake, Jaafar bin Abi Twalib, aliuawa katika vita vya Muuta mwaka wa 8 Hijria. Habari ilipofika Madina, Mtume aliamuru nyumba ile ipelekewe chakula. Katika sira imepokewa pia kwamba siku ile Asmaa bint Umays, mke wa Jaafar, alikuwa amekwisha kanda unga wake na kuwaogesha watoto. Unga ule utakufaa sana kwenye picha, lakini tenganisha daraja zake: la hadithi sema "Mtume amesema", la sira sema "imepokewa". Msikilizaji hana kitabu mkononi, anategemea uaminifu wako.

Dakika moja, kwa usomaji wa taratibu wenye vituo, hubeba maneno 80 hadi 90. Wengi huandika 150, msomaji akakimbia, na sauti ya kukimbia husikika kama ya ugomvi hata maneno yakiwa laini. Mfano wake ni huu:

"Imepokewa kwamba Asmaa alikuwa amekwisha kanda unga, na watoto wameoga. (Picha: bakuli la unga, limefunikwa kitambaa.) Kisha ikaja habari ya Muuta: baba yao, Jaafar, hatarudi. (Kimya, sekunde tatu.) Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, akasema: 'Waandalieni chakula watu wa Jaafar, kwani limewafika la kuwashughulisha.' (Kimya, sekunde nne.) Unga ukikandwa, unangoja mtu wa kuuchoma. Nyumba ya msiba ina jiko, ina sufuria, ina na watoto wenye njaa. Mikono ndiyo iliyopungukiwa nguvu. (Picha: mtu anaweka hotpoti mlangoni.) Huenda unaijua nyumba kama hiyo, mtaa wa pili tu."

Tazama kwamba hakuna amri isipokuwa ile ya Mtume mwenyewe, na lile neno "huenda" limemwachia mtu nafasi ya kusema kwamba haijui. Kumswalia Mtume kusomwe kwa ukamilifu. Kunachukua kama sekunde tatu, zihesabu. Ukiandika kifupisho kwenye karatasi, msomaji asiye mzoefu atakisoma herufi kwa herufi.

Palipo na mtego zaidi ni hitima. Hadithi hii ndiyo wanayoitumia wanazuoni wanaochukia wafiwa kupikia watu, na katika madhehebu yetu ya Shafii, Imam Nawawi amelieleza hilo. Utavutiwa kuliongeza mwishoni. Usiliongeze. Si kwamba hukumu ifichwe: mahali pake ni darsani, ambapo mtu atanyanyua mkono aulize, ajibiwe kwa hali yake. Video haiulizwi. Sentensi moja ya hukumu itageuza mazungumzo yote ya kundi kuwa mabishano ya hitima, na chakula cha wafiwa kisahaulike.

Picha zisiwaonyeshe Mtume wala masahaba kwa sura yoyote. Jeneza na uso wa mfiwa pia acha, hata kama ameruhusu. Ruhusa ya siku ya msiba hutolewa na mtu asiye na utulivu. Badala ya muziki, ambao utawagawa waumini kabla hawajasikia neno, tia sauti ya jikoni: maji yakimiminwa, mfuniko ukiwekwa.

Kabla hamjarekodi, msomee mama mmoja mtu mzima wa mtaani, ukiwa na saa, kisha umuulize amesikia nini. Akimtaja jirani aliyefiwa, rekodini. Akisema "kweli kabisa, watu wa siku hizi!", bado kuna sentensi inayolaumu humo ndani, mwombe akuonyeshe ni ipi.

Wallahu aalam.