Maoni ya msimamizi kwenye rasimu ya mwanafunzi

Swali: "Ninasimamia tasnifu za shahada ya kwanza. Ninaandika 'mapitio ni dhaifu, ongeza uchambuzi', lakini rasimu inarudi vilevile. Niandikeje?"

Itazame rasimu iliyorudi, na mara nyingi utaona kwamba mwanafunzi ameongeza marejeo matatu au manne mwishoni mwa sura, huku mpangilio ukibaki ule ule. Hiyo ni dalili kwamba aliusoma "uchambuzi" kama agizo la kuongeza wingi, kwa kuwa hukumwonyesha ni wapi hasa palipopungua.

Nilimsimamia mwanafunzi aliyeandika kuhusu wauza samaki na huduma za fedha kwa simu. Katika sura ya pili, kila aya ilianza kwa jina la mwandishi na mwaka, ikaeleza alichokigundua, kisha ikaishia hapo. Badala ya kumwandikia kwamba mapitio ni dhaifu, nilimwandikia hivi:

"Katika ukurasa wa 14 hadi 16 umeeleza kila utafiti kwa usahihi, na inaonekana umeusoma mwenyewe. Ninachokikosa ni uhusiano wa tafiti hizo. Mbili zinasema wafanyabiashara wadogo wanazuiwa na makato, ilhali ya tatu inasema hawawaamini mawakala. Anza aya na hoja ya makato, uziweke tafiti mbili humo, kisha ueleze kwa nini ya tatu inatofautiana. Je, yawezekana ni kwa sababu ilifanyika kijijini? Ukimaliza, soma sentensi ya kwanza ya kila aya peke yake. Zikikufikisha kwenye swali lako la utafiti, sehemu hii imekamilika."

Angalia kwamba sifa iliyotangulia ni ya kweli na inataja jambo analopaswa kuliendeleza. "Kazi nzuri" isingemsaidia kujua abakishe nini. Sababu ya kijijini nimeiuliza tu, sikuithibitisha, ili abaki na nafasi ya kunipinga kwa ushahidi. Aya yenyewe sikumwandikia, kwa maana angeinakili na zile nyingine zingebaki kama zilivyokuwa. Kipimo cha mwisho ndicho ninachokithamini kuliko vyote, kwa sababu anaweza kujikagua usiku akiwa peke yake, bila kungoja zamu yake mlangoni kwangu.

Kuhusu lugha na alama za uandishi, sahihisha aya moja kikamilifu, umwombe arekebishe zilizobaki kwa mfano huo. Ukijaza pambizo kwa wino kila ukurasa, atahangaika na mikato, ambayo ni rahisi kurekebisha, na hoja ataiacha. Ndiyo maana katika rasimu ya kwanza ninajifunga kwa mambo mawili makubwa, na ninamwambia wazi kwamba mengine, kama jedwali na viambatisho, tutayashughulikia katika rasimu ijayo, asije akadhani kunyamaza kwangu ni kuyakubali.