Hesabu witiri kabla hujafunga jumla

Msimu wangu wa kwanza wa korosho niliwekwa kwenye mizani ya chama kimoja cha msingi huko Kusini. Kazi yangu ilikuwa kuandika kilo za kila mkulima na kufunga jumla kabla gari halijaondoka kwenda ghala kuu. Jioni moja nikampelekea karani mkuu daftari. Hakugusa kikokotoo. Alipitisha kidole kwenye safu ya kilo kama mtu anayehesabu kuku bandani, kisha akasema, "Kijana, jumla hii haiwezi kuwa kweli. Karudie." Nilidhani ananitania. Nikarudia, nikakuta nimeruka mstari mzima.

Ninyi mnaokaa kwenye mizani msimu huu, nawaeleza alichokifanya mzee yule, na pia kile ambacho hakikuweza kuonekana kwa kidole chake, maana hapo ndipo wengi huumia.

Chukua ukurasa wa wakulima kumi na wawili, kilo zao zikiwa 83, 126, 47, 210, 95, 64, 158, 71, 39, 302, 117 na 85. Usijumlishe. Tazama tarakimu ya mwisho tu ya kila namba. Ikiwa ni 1, 3, 5, 7 au 9, namba hiyo ni witiri. Ikiwa ni 0, 2, 4, 6 au 8, ni shufwa, ipite. Hapa witiri ni 83, 47, 95, 71, 39, 117 na 85. Ziko saba. Saba yenyewe ni witiri, basi jumla lazima iwe witiri. Zingekuwa sita au nane, jumla ingekuwa shufwa. Jumla sahihi ya ukurasa huu ni 1,397. Mimi siku ile nilikuwa nimeruka ile 47, nikaandika 1,350. Mzee aliona witiri saba juu na shufwa chini, akajua kuna kosa hata kabla ya kujua liko wapi.

Sababu yake utaielewa ukifikiria kandambili. Namba shufwa ni rundo la kandambili zilizokamilika jozi. Witiri ni rundo lenye jozi zake pamoja na kiatu kimoja kilichobaki peke yake. Ukimwaga marundo yote pamoja, jozi zinabaki jozi, na vile viatu vilivyobaki vinatafutana viwili viwili. Vikiwa saba, vitatengeneza jozi tatu na kimoja kitakosa mwenzake. Ndiyo maana namba shufwa hazihesabiwi hata zikiwa mia, na idadi ya mistari ya ukurasa haina maana yoyote hapa. Nimewaona wageni wakihesabu mistari yote kumi na miwili halafu wakatangaza kwamba jumla ni shufwa. Wengine hudanganywa na tarakimu ya mbele: wanaiona 302 inaanza na 3, wanaihesabu witiri. Ya mbele iache, angalia ya mwisho.

Kwenye ukurasa mrefu, kuhesabu witiri nako kunachosha, na karani aliyechoka hupoteza hesabu katikati. Mimi hutumia kifuniko cha soda. Nakiweka juu ya meza kikiwa kimefumba, yaani mgongo juu. Kila nikikutana na witiri nakigeuza. Nikimaliza safu, kikiwa mgongo juu jumla ni shufwa, kikiwa kimefunuka jumla ni witiri. Sihitaji kukumbuka kwamba zilikuwa saba au thelathini na moja, na mkulima akinisemesha katikati, kifuniko kinabaki kama nilivyokiacha. Kidole tu kisitoke kwenye mstari wake.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Hesabu hii ikikataa, kosa lipo, hakuna mjadala. Ikikubali, haijakuambia kwamba jumla ni sahihi. Imekuambia tu kwamba kama kuna kosa, kosa hilo ni la kiasi cha shufwa. Tuseme badala ya kuruka 47 ningeruka 64. Ningeandika 1,333, ambayo ni witiri, na kidole cha mzee kingepita bila kushtuka. Ningeruka witiri mbili kwa pamoja, hali ingekuwa ileile.

Tena kuna kosa moja linalowatesa wanaojumlisha kwa mkono kuliko mengine, na hilo hesabu ya witiri hailioni kamwe. Jumlisha tarakimu za mamoja za ukurasa wetu: utapata 57. Unaandika 7, unapeleka 5 kwenye makumi. Karani mwenye haraka anapeleka 4. Mwisho anapata 1,387 badala ya 1,397. Tofauti ni kumi, na kumi ni shufwa. Kosa lolote la kupeleka makumi au mamia litabadilisha jumla kwa 10, 20, 100 na kadhalika, na hakuna hata moja kati ya hizo litakalogeuza witiri kuwa shufwa. Kwa hiyo msiridhike na kifuniko peke yake.

Kosa la kupeleka hukamatwa kwa kutupa tisa. Jumlisha tarakimu za kila namba mpaka ibaki tarakimu moja, na tisa uihesabu kama sifuri: 83 inatoa 11, yaani 2; 126 inatoa 9, yaani 0; 47 inatoa 2, na kuendelea. Kwa namba zetu kumi na mbili mabaki ni 2, 0, 2, 3, 5, 1, 5, 8, 3, 5, 0 na 4, ambayo jumla yake ni 38, yaani 11, yaani 2. Upande wa pili, 1,397 inatoa 20, yaani 2. Zimekubaliana. Ile 1,387 inatoa 19, yaani 10, yaani 1. Imekataa. Njia hii ni ndefu kuliko ya kifuniko, ndiyo maana mimi huanza na kifuniko, na siisumbui ya tisa kwenye ukurasa ambao tayari umeshakataa.

Lakini nayo ina upofu wake. Haioni tarakimu zilizobadilishana nafasi, kwa sababu 83 na 38 zote zinatoa 2. Hapo kifuniko kinarudi kazini: 83 ni witiri, 38 ni shufwa. Hukamata kila mbadilishano wa makumi na mamoja ambapo tarakimu moja ni witiri na nyingine shufwa. Zikiwa za aina moja, mfano 95 ikaandikwa 59, vyote viwili hupofuka. Kwa hiyo namba kama hizo mimi huzisoma kwa sauti nikiwa na mwenzangu.

Swali ni je, unahesabu witiri kutoka karatasi gani? Jambo hili nilichelewa kulielewa, na lilinigharimu usiku mzima. Stakabadhi ya mkulima ilisema 83, mimi kwenye daftari nikanakili 38. Nikajumlisha daftari, nikapata 1,352. Nikahesabu witiri za daftari, zikawa sita, jumla shufwa, nikafurahi. Bila shaka zilikubaliana! Nilikuwa nalinganisha kosa na kosa lenyewe. Ningehesabu kwenye stakabadhi ningepata witiri saba, na jumla yangu ya shufwa ingekataa palepale. Hesabu witiri kwenye karatasi ya kwanza, ile iliyoandikwa mizani ikiwa mbele ya macho, halafu linganisha na jumla ya karatasi ya mwisho. Ukihesabu kwenye nakala, umekagua kujumlisha tu, hujakagua kunakili.

Kwa daftari lenye kurasa nyingi, njia hii ina faida nyingine: inakupeleka kwenye ukurasa wenye kosa. Jumla kuu ikikataa, rudi ukurasa mmoja mmoja, ulinganishe witiri za kila ukurasa na jumla yake. Kisha zichukue jumla za kurasa kama safu mpya, uhesabu witiri zake, ulinganishe na jumla kuu. Lazima mahali pamoja patakataa. Haiwezekani kurasa zote zikubali, safu ya jumla nayo ikubali, halafu jumla kuu ikatae. Ukifika hapo umekosea kuhesabu witiri, anza upya. Kurasa ishirini nazimaliza kwa dakika chache, kisha najumlisha upya ule mmoja uliokataa.

Salio la ghala nalo hukaguliwa hivyohivyo, kwa sababu kutoa kunageuza kifuniko sawa na kujumlisha. Asubuhi kulikuwa na kilo 418, zikaingia 1,397, zikatoka 1,260. Witiri ni moja tu kati ya hizo tatu, basi salio lazima liwe witiri, na kweli ni 555. Hapa watu hudhani kilichotoka kihesabiwe kinyume. Hapana. Kiatu kimoja kikiondoka kwenye rundo la jozi kamili, kimoja kinabaki bila mwenzake, kama vile ambavyo kingeingia kimoja.

Kuna mahali ambapo kifuniko hakigeuki hata mara moja. Mhasibu mmoja kijana aliniambia amejaribu njia hii kwenye malipo ya wakulima na inakubali kila siku, hata siku ambazo fedha hazikutimia. Nilipotazama orodha yake nikacheka. Shilingi zake zote zilikuwa zinaishia na 00 au 50. Namba zote shufwa, jumla shufwa, amekagua hewa. Kwenye fedha za namna hiyo hesabu kwa hamsini: hesabu malipo yanayoishia na 50. Yakiwa idadi ya witiri, jumla lazima iishie na 50. Yakiwa idadi ya shufwa, iishie na 00. Mfano 3,450, 12,700, 850 na 6,050. Zinazoishia na 50 ni tatu, na jumla ni 23,050. Karani akiandika 22,200 kwa kuruka ile 850, mwisho wake wa 00 unamuumbua.

Mizani inayosoma nusu kilo inafuata utaratibu huohuo. Usiulize kama 42.5 ni witiri au shufwa, si mojawapo. Hesabu mistari inayoishia na .5, na kama ni idadi ya witiri, jumla nayo iishie na .5. Ila kama mtu ameshakadiria jumla kuwa kilo kamili kabla haijakufikia, kifuniko rudisha mfukoni, umwombe stakabadhi zenyewe.