Mwache akatae kwa simu, mzigo ungali dukani

Nauza viatu vya ngozi hapa Kisumu, na wateja wangu wengi wako nje ya mji: Bondo, Siaya, Mumias, Busia. Wanaona picha, wanaagiza, wanalipa kiatu kikifika. Wewe unayeanza biashara ya namna hii, andika kwanza daftarini hesabu ya mzigo uliokataliwa. Kwangu jozi moja huniachia faida ya shilingi 700. Kuituma kwa matatu ni 200, kuirudisha ni 200 nyingine, na bodaboda wa kule anadai 100 yake hata mteja asipotokea. Hapo 500 zimeenda, na kiatu kimezunguka siku kadhaa bila mtu mwingine kuweza kukinunua. Simu ya dakika tatu haifiki shilingi 20.

Ndiyo maana simu ya kuthibitisha oda haipigwi ili kumbembeleza mteja akubali. Inapigwa ili apate nafasi ya kukataa mapema. Mimi nilichelewa kulielewa hilo. Nilikuwa napiga na kuuliza, "Mama, nitume?" naye ananijibu, "Tuma tu." Watu wengi huona vigumu kumwambia mwenzao hapana wakizungumza naye. Hapana yao utaijua mzigo ukiwa tayari stejini, unapiga na simu imezimwa.

Siku hizi siulizi swali la kujibiwa "ndiyo". Namwacha mteja ataje mambo kwa mdomo wake, na hapo ndipo makosa yanapojitokeza. Chukua oda moja ya mwalimu aliyetaka viatu vya mumewe. Aliandika: saizi 8, rangi ya kahawia, Luanda. Nilimpigia saa hiyo hiyo, hamu ya kununua ikiwa bado moto.

"Mwalimu, hapo Luanda unashuka matatu ya kwenda wapi?"

"Natumia ya Bondo, halafu naendelea hadi kwenye feri."

Kumbe alikuwa Luanda Kotieno, kule ufukweni Rarieda, panapovukiwa kwenda Mbita. Mimi nilikuwa nimeshaandika Luanda ya Vihiga, iliyo kwenye barabara ya Busia. Kama ningemuuliza, "Uko Luanda, sivyo?" angeitikia kwa haki kabisa, na kiatu kingeenda upande mwingine.

Kisha saizi. Viatu vyangu vimeandikwa 42, 43, naye kasema 8. Kwa kawaida 8 ya Kiingereza hukaribia 42, lakini sikubahatisha. Nilimwomba ageuze kiatu anachovaa mzee sasa, anisomee namba iliyo chini ya soli. Ilikuwa 9, kwa hivyo nikatenga 43.

Swali la tatu ndilo gumu, na ndilo lililonipunguzia hasara kuliko yote: pesa itakuwa kwa nani mzigo ukifika? Mara nyingi anayeagiza siye anayelipa. Usiulize kana kwamba unamshuku. Mimi humwambia, "Jumla ni 2,700, usafiri ukiwa ndani. Kesho saa nane utapokea mwenyewe au kuna mtu nimpigie?" Taja jumla moja tu. Ukisema 2,500 leo, kisha bodaboda adai 200 juu yake kesho, mteja ataona umemgeuka, na atakuwa na haki ya kukasirika.

Mwalimu alinyamaza kidogo. "Mzee ndiye atalipa, lakini bado sijamwambia."

Nikamjibu, "Basi zungumzeni kwanza. Nakuwekea mpaka Ijumaa, na mkiamua kuacha, niambie tu, hakuna neno." Alhamisi jioni alinipigia mwenyewe na kusema mshahara ukiingia ndipo nitume. Nilituma tarehe 2, mzee akalipa palepale.

Kimya kama kile, usikizibe kwa maneno ya kuuza. Sikiliza. Anayesema "sawa, sawa" kwa kila kitu bila kutaja mahali wala saa, mzigo wake usiufunge bado.

Asubuhi ya kutuma, kabla sijaenda stejini, napiga tena kwa nusu dakika: "Mzigo unatoka sasa, uko karibu?" Wengine hubadilika usiku, mtoto anaugua, pesa inapata kazi nyingine. Asiposhika simu, hutuma ujumbe wenye jina la duka na kiatu alichoagiza, maana watu wengi hawapokei namba wasizozijua. Najaribu mchana, kisha jioni. Zikipita simu tatu bila jibu, kiatu kinarudi kwenye rafu na oda naifuta.

Simu hizi hazimzuii kila mtu. Yupo atakayekuthibitishia kila kitu na bado asitokee. Huyo naandika namba yake, na akiagiza tena namwomba atume 400 za usafiri wa kwenda na kurudi kwanza, nazo nitazitoa kwenye bei akichukua kiatu.