Kwa nini benki haikopeshi amana zote?

"Pesa zetu wanazo, mbona wasikopeshe zote?"

Sheria haiwaruhusu. Jirani yangu anayeuza mitumba Gikomba aliuliza hivyohivyo alipoweka milioni moja. Alijua kuna fungu linalozuiwa, ila alidhani linalala kwenye sefu ya tawi. Afisa wa mikopo akamchorea nyuma ya risiti: 32,500 ziende Benki Kuu ya Kenya, maana tangu Februari 2025 kiwango ni asilimia 3.25 ya amana, na hazizai riba. Zikabaki 967,500. Akikopeshwa mwenye lori, naye akamlipa fundi aliye na akaunti benki nyingine, huko nako zinakatwa kama 31,444 kabla ya mkopo unaofuata. Kila zinapozunguka zinapungua, na hapo ndipo alipoelewa. Machi 2020 kiwango kiliposhushwa kutoka 5.25 hadi 4.25, benki zilipata bilioni 35.2 zaidi za kukopesha.

Lakini usidhani 967,500 zote hukopeshwa. Kuna pia sharti la ukwasi, yaani benki iwe na mali zinazogeuzwa fedha upesi zisizopungua asilimia 20 ya amana, na lile la mtaji wa benki yenyewe, na mara nyingi hayo ndiyo yanayobana zaidi. Jirani mwenyewe bado anabisha kuhusu riba.