Maswali yenu: Kusimamisha rotesheni na kulipa saa

Shikamoo sista, niko rotesheni ya leba hapa Dar, wiki 6, nimefanya shifti 11 tu. Mama anafanyiwa operesheni kijijini na mimi ndo wa kumuuguza. Niandikeje barua chuo wakubali nirudi kulipa?

Marahaba mwanangu, pole sana na mama. Barua za hivi nimesoma nyingi na karibu zote zinakosea palepale, ukurasa mzima wa huzuni halafu mwisho "naahidi kufidia muda wote". Mkuu wa chuo anaweza kukuonea huruma kabisa ila hawezi kusaini huruma, anahitaji kuona saa zako zinaenda wapi.

Piga hesabu kwanza. Kama shifti yenu ni saa 8 na mnaingia siku 5 kwa wiki, wiki 6 ni shifti 30, yaani saa 240. Umefanya 11, ni saa 88. Unadaiwa shifti 19, saa 152. Likizo ya wiki 4 ina nafasi za shifti 20, kwa hiyo deni linaingia na inabaki siku moja ukiumwa. Hiyo ndo inaenda kwenye barua, fupi tu:

"Naomba kusimamisha rotesheni ya leba kuanzia tarehe fulani hadi fulani ili kumuuguza mama yangu anayefanyiwa upasuaji (barua ya hospitali imeambatishwa). Nimekamilisha saa 88 kati ya 240. Naomba kufidia saa 152 zilizobaki kwa shifti 19, leba hiyohiyo, katika likizo ya muhula, chini ya msimamizi atakayepangwa na chuo."

Iende kwa Mkuu wa Chuo kupitia kodineta wa mafunzo ya vitendo, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ugonjwa wa mama usiueleze kwa kirefu, ile barua ya hospitali inatosha.

Sasa kitu ambacho hujauliza na ndo kinawaliza wengi. Saa na kesi ni madeni mawili. Unaweza kumaliza shifti zote 19 na logibuku bado ina mapengo, maana leba hupangi wewe nani ajifungue zamu yako. Kwa hiyo kwenye barua ongeza mstari, umezalisha wangapi chini ya usimamizi na logibuku inadai wangapi zaidi. Na usidhani ukienda wodi ya watoto saa zitahesabika, saa ya leba inalipwa leba.

Halafu usiende kuongea na inchaji kivyako ukaona umemaliza. Amana, Temeke, Mwananyamala kote huko vyuo vingi vinapeleka wanafunzi, unaweza kufika likizo ukakuta kitanda kimoja kimezungukwa na wanafunzi wanne wote wanatafuta kesi. Chuo ndo kiombe nafasi hospitalini kwa maandishi, na wewe ulizia jibu kabla hujasafiri.

Kabla ya kuondoka logibuku isainiwe mpaka shifti ya 11, leo hiihii, jina, sahihi na tarehe. Mkunga aliyekusimamia anaweza kuhamishwa ukiwa kijijini, na yule mpya hawezi kusaini kitu ambacho hakukiona.

Naweza kuunganisha asubuhi na jioni nimalize haraka?

Hapana. Hiyo ni saa 16 umesimama, na ikifika jioni ndo unakosea dozi ya mtu.

Nimemtumia kodineta meseji wasap ya kuomba ruhusa, akaweka tiki za bluu. Si ameshakubali?

Jamani hili swali linarudi kila mwezi. Tiki za bluu zinaonyesha kasoma basi, na bila jibu la maandishi wewe ni mtoro, rejista itaandika hivyo. Kama ni dharura, umepigiwa simu ya msiba katikati ya zamu, hapo mwambie inchaji mdomo kwa mdomo, kabidhi wagonjwa wako kwa mtu mwenye jina, yupi ana dripu, yupi anasubiri dawa ya saa ngapi, ndo utoke. Barua itafuata ukishapata utulivu. Kumwacha mgonjwa bila kumkabidhi ni kosa zito kuliko kukosa shifti.

Rafiki yangu yuko wodi ileile, anaweza kunisainia mahudhurio siku 3 tu nikirudi nilipe kimyakimya?

Usithubutu. Siku 3 ni saa 24, zinalipika wiki moja kwa barua ya mistari mitano, ila sahihi ya uongo inawaponza wote wawili, na ukiandikwa ulikuwepo zamu ambayo mgonjwa kapata tatizo, utaulizwa wewe ulimfanyia nini.

Nikiugua mwenyewe je, cheti cha daktari kinafuta saa nilizokosa?

Hakifuti. Kinaeleza tu kwa nini hukuwepo, saa unalipa zote. Ila kama unatapika au unakohoa usijikokote wodini kwa kuogopa deni, kaa nyumbani, toa taarifa siku hiyohiyo, na ukirudi peleka cheti na tarehe za kulipa vikiwa pamoja.