Mkaguzi wa nje anakuja kwenye mradi, anaangalia nini hasa?

Swali: Habari kaka. Nasimamia mradi wa maji kijijini, wa miezi 10, bajeti milioni 400, sasa tuko mwezi wa 6. Wafadhili wanaleta mtu wa nje wiki ijayo aje kuangalia afya ya mradi. Ripoti zangu zinasema tuko asilimia 65. Huyu mtu anaangalia nini, na akikuta makosa anayaandikaje? Nisije nikajikuta niko nje ya kazi.

Jibu: Salama ndugu yangu. Ataanza na hiyo 65 yako. Sio kwamba anakuona muongo, anataka kujua imetoka wapi, manake miradi mingi ukiuliza hivyo unakuta imetoka kichwani kwa injinia Ijumaa jioni, ripoti inadaiwa, mwezi uliopita tuliandika 58 basi mwezi huu tuweke 65, maisha yaendelee.

Atakuomba mchanganuo wa kazi na gharama ule wa kwenye mkataba, halafu atahesabu upya kwa kanuni moja: kazi isiyokamilika na kupimwa haina alama. Mchanganuo wako sina, ngoja nikutungie mfano kwa bajeti hiyo hiyo. Tuseme kununua bomba za kilomita 12 ni milioni 120, kuchimba na kulaza ni 80, tenki ni 90, vituo 10 vya kuchotea ni 40, na pampu na sola na kibanda chake ni 70, jumla 400. Bomba zote zimeshafika stoo, anakupa 120 kamili. Umelaza kilomita 7 ila zilizopimwa presha ni 3 tu, anakupa 20. Tenki mmemaliza msingi na kuta zimefika nusu, kama mkataba unasema msingi ni asilimia 30 ya tenki basi unapata 27, kuta zitakuja na alama zake zikiisha. Vituo 6 vimesimama ila havina koki wala maji, hapo sifuri. Pampu haijafika, sifuri. Jumla milioni 167, yaani asilimia 42, na kwa mwezi wa 6 tuseme mpango ulitaka mfike 60.

Utaona kakuonea, na kwenye vituo kidogo ni kweli, ila hiyo kanuni ina sababu yake. Kazi iliyofika nusu kila mtu anaikadiria kwa moyo wake, iliyokamilika haina mjadala.

Baada ya hapo anaweka matumizi pembeni. Tuseme mmeshatumia 250. Mkaguzi mvivu anaishia hapo, anaandika mmetumia 250 mkapata kazi ya 167, mradi unakufa. Mzuri anauliza kwanza ndani ya hiyo 250 kuna malipo ya awali kiasi gani. Kama muuzaji wa pampu alipewa 50 na pampu bado haijaja, hiyo sio hasara, ni hela iliyotangulia kazi, kwa hiyo inatoka kwenye hesabu na atafuatilia dhamana ya benki ya hayo malipo ipo na haijaisha muda. Zinabaki 200 dhidi ya 167. Sasa toa bomba pande zote mbili, maana zilinunuliwa kwa bei iliyopangwa, unabaki na milioni 80 zilizotumika kwa kazi za mikono zenye thamani ya 47. Hapo ndo mgonjwa alipo, kwenye kuchimba, kulaza na kujenga, na kazi kubwa iliyobaki ni za aina hiyo hiyo. Ukiijua hii kabla hajafika utaongea naye vizuri zaidi, usingoje akuonyeshe yeye.

Kuhusu saiti, usimwandalie njia ya kupita. Atachagua mwenyewe sehemu mbili tatu za mtaro zifukuliwe apime kina kwa futi. Na fomu za kupima presha atazisoma kuliko unavyodhani. Niliwahi kukuta fomu 9 kwenye mradi mmoja, vipande vya bondeni na vya mlimani, zote zimesoma baa 10 bila kupungua hata nukta, mwandiko mmoja, kalamu moja, na mbili zina tarehe ya siku ambayo daftari la saiti linasema mvua ilinyesha kutwa na hakuna aliyefanya kazi. Sikuhitaji kumuuliza mtu. Fundi aliyepima kweli anaacha uchafu, namba zinatofautiana kidogo, kuna kipande kilifeli kikarudiwa, fomu ina tope.

Ataongea pia na watu mmoja mmoja, wewe ukiwa haupo, usijisikie vibaya. Atamkuta fomeni, mtunza stoo, mhasibu, mwenyekiti wa kamati ya maji, na swali lake linakuwa dogo tu, mara ya mwisho kazi ilisimama lini na kwa nini. Wote wakitaja jambo moja na kwenye ripoti zako halipo, basi tatizo lako lipo kwenye taarifa, na wafadhili hilo linawauma kuliko mtaro uliochelewa.

Sasa kuandika. Kila kitu atakachokuta kinakuwa hoja, na hoja iliyokaa sawa ina vitu vitano: alichokuta, kilichotakiwa, sababu, madhara, na pendekezo. Mfano: "Kati ya kilomita 7 zilizolazwa, 4 hazina fomu ya kupima presha. Mkataba unataka kila kipande kipimwe kabla ya viungio kufukiwa. Kifaa cha kupimia kiliharibika na hakikubadilishwa. Viungio vinaweza kuvuja na kufukuliwa upya kwa gharama ya mradi. Kifaa kipatikane na kilomita hizo zipimwe kabla ya kuendelea kulaza." Ona hakuna jina la mtu humo, wala neno uzembe. Akikuandikia "usimamizi ni dhaifu" bila alichokuta na kilichotakiwa, mrudishie, hiyo ni maoni.

Mwisho anaupa mradi rangi, kijani, njano au nyekundu. Nyekundu haina maana kwamba ufukuzwe, inasema mradi ukiachwa ulivyo hautafika, uamuzi mkubwa unatakiwa kutoka ngazi ya juu yako, kama kuongeza muda au kupunguza vituo. Huo sio uamuzi wako wala wake, ni wa waliomtuma, ndo maana ripoti inaenda kwao. Ila kabla haijaenda, rasimu inatakiwa ipite kwako, na siku ya mwisho akae na nyie kwenye kikao cha kufunga mzisikie hoja zote kwa mdomo. Kama hajaweka hilo kwenye ratiba, liombe leo. Kwenye rasimu unasahihisha ukweli, kama kaandika kilomita 3 na wewe una fomu za 3.8 mpelekee fomu, usipoteze nguvu kubishana na rangi.

Halafu kuna safu ya majibu ya menejimenti, hapo ndo wengi wanajimaliza kwa kuandika "tumepokea, tutalifanyia kazi". Andika nani atafanya, atafanya nini, mpaka tarehe ngapi, na ushahidi gani utaonyesha imefanyika. Hoja ya presha haifungwi kwa barua, inafungwa siku fomu za zile kilomita 4 zinafika zikiwa na saini ya mkandarasi na ya msimamizi.

Kwa hiyo kabla ya wiki ijayo ikague hiyo 65 wewe mwenyewe, na kama imeshuka mwandikie mfadhili imeili kabla mgeni hajapanda basi.